"Odio si mkataba," ananiambia baada ya kupokea avansi yangu

*Jambo Metre,*

*Nauza unga wa mahindi hapa soko la Kenya, Lubumbashi. Nina depo ndogo na nimeandikishwa kwenye rejista ya biashara. Jumanne tarehe 4 niliona kwenye statusi ya WhatsApp ya muuzaji mmoja wa jumla wa Kampemba kwamba unga wa kilo 25 umefika. Nikamwandikia: "Nipe mifuko 300 kwa dola 15, uniletee mpaka depo." Jumatano saa 12 jioni akajibu kwa odio ya sekunde 41: kwa 15 hawezi, tukate 15 na nusu, gari ni juu yake, ataleta siku ya posho. Nikamwekea emoji ya kidole gumba. Dakika mbili baadaye nikaandika: "Nusu nalipa ukishusha, nusu wiki ijayo." Akaandika: "Sawa mama, tuma 500 ya avansi nipakie." Alhamisi asubuhi nikatuma 500 kwa simu. Akaandika: "Nimepata makuta. Kesho ninapakia."*

*Ijumaa asubuhi, saa 3 na dakika 40, odio ile ikafutwa, ikabaki alama tu kwamba ujumbe umefutwa. Kisha akaandika kwamba bei imepanda, sasa ni 19, na nisipotaka atanirudishia 500 yangu. Anasema hatukusaini kitu, na odio si mkataba. Lakini ile odio nilikuwa nimemtumia mdogo wangu usiku uleule wa Jumatano ili atafute vijana wa kushusha, na anayo hadi leo. Hii ni mara ya tatu ninanunua kwake. Mara mbili za kwanza hatukuandika karatasi na mzigo ulifika. Jina lililotokea kwenye ujumbe wa pesa si lake, ni la mke wake. Na mimi nimekwisha kuahidi mifuko 120 kwa mama wanne wauzaji wadogo, kwa 17 na nusu. Nina haki, au nipokee 500 ninyamaze?*

*Mama wa soko la Kenya*

Mama, hizo 500 usizipokee kwanza. Ninaanza na hilo kwa sababu watu wengi huharibikiwa hapo. Akikurudishia avansi na wewe ukaandika "sawa, nimepata", kesho atasema mlivunja makubaliano kwa hiari yenu wote wawili, na ujumbe wako mwenyewe ndio utakaomsaidia. Akizituma bila kukuuliza, jibu siku hiyohiyo kwamba umezipokea kama marejesho ya avansi tu, na kwamba mifuko 300 bado unaidai.

Tuje kwenye "hatukusaini kitu". Huyu papa anaongea kama mtu aliyeuza nyumba. Unga unaouzwa na mfanyabiashara kwa mfanyabiashara hauhitaji saini. Tangu tarehe 12 Septemba 2012 Kongo yetu iko ndani ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika zinazotumia sheria moja ya biashara, na mauzo ya bidhaa kati ya wafanyabiashara yanafuata sheria ya umoja huo ya biashara kwa jumla, ile iliyopitishwa Lomé tarehe 15 Desemba 2010. Kifungu cha 240 kinasema mkataba wa mauzo unaweza kuwa wa maandishi au wa mdomo, haudai umbo lolote, na pasipokuwa na maandishi unathibitishwa kwa njia yoyote, hata kwa mashahidi. Sheria hiyohiyo inasema pia kwamba shughuli za biashara zinaweza kuthibitishwa dhidi ya mfanyabiashara hata kwa njia ya elektroniki. Kama neno la mdomo sokoni linatosha, sioni kwa nini neno lilelile lipungue nguvu kwa kupita ndani ya simu.

Kwa hiyo kazi yetu si kutafuta karatasi. Tunachotafuta ni mahali ambapo ninyi wawili mlikubaliana jambo moja, kwa maneno yanayolingana. Hapo nakuomba uwe na subira, kwa sababu ukimwuliza mtu yeyote sokoni atakuambia mkataba ulifungwa kwenye kidole gumba. Mimi nasema haukufungwa hapo, na wakili wake akiwa macho, atakuangusha ukishikilia hapo.

Statusi yake haikumfunga kwa lolote. Ilisema unga umefika, haikusema mifuko mingapi wala kwa nani. Huo ni mwaliko, sawa na yule kijana anayepaza sauti mbele ya depo. Ili neno liwe toleo linaloweza kumfunga mtu, kifungu cha 241 kinataka litaje bidhaa, lionyeshe kiasi na bei au njia ya kuvijua, na lionyeshe kwamba msemaji yuko tayari kufungwa mwenzake akikubali. Aliyetoa toleo la kwanza ni wewe: mifuko 300, dola 15, mpaka depo.

Odio yake haikukubali toleo lako. Mtu anayejibu "ndiyo, lakini kwa bei nyingine" amekataa, na papo hapo ametoa toleo lake jipya. Kuanzia sekunde ile ya 41, lako la dola 15 lilikufa, na lililokuwa mezani ni lake: 300 kwa 15 na nusu, gari juu yake, Jumamosi.

Kisha kidole. Kingesimama peke yake, ningekitetea bila wasiwasi. Kukubali ni tamko au tendo lolote linaloonyesha ridhaa, na wewe umekwisha kununua kwake mara mbili bila karatasi. Mazoea ya watu wawili katika biashara yao ni sehemu ya makubaliano yao. (Huko Saskatchewan, Kanada, mwaka 2023 jaji aliamua kwamba mkulima aliyejibu picha ya mkataba wa mbegu za kitani kwa kidole gumba alikuwa amekubali, akamtoza dola za Kanada zaidi ya 82,000. Kilichomponza zaidi ni kwamba miaka iliyotangulia alikuwa akijibu mikataba ya namna hiyo kwa neno moja au mawili tu, kisha analeta mzigo. Hukumu hiyo haimfungi jaji wa Lubumbashi, lakini hoja ya mazoea ni ileile utakayoitumia wewe.)

Tatizo ni dakika mbili baadaye. Uliandika "nusu nalipa ukishusha, nusu wiki ijayo". Yeye kwenye odio hakuzungumzia mkopo hata kidogo. Msikilizaji yeyote angeelewa kwamba mzigo ukifika, pesa inatoka. Kumwomba muuzaji akuachie nusu ya dola 4,650 kwa wiki nzima si jambo dogo, na atakayetaka kukubana atasema ujumbe huo ndio jibu lako la kweli, na kwamba ulikuwa toleo jipya tena, lisilo na kidole chake chini yake. Anaweza kushinda au kushindwa kwenye hoja hiyo. Sisi hatuna haja ya kubahatisha, kwa sababu yaliyofuata yanatosha.

Alijibu "Sawa mama, tuma 500 ya avansi nipakie." Hapo amekubali mpango wako wa malipo na kuongeza sharti lake moja, avansi. Ukatuma. Alhamisi akaandika "Nimepata makuta. Kesho ninapakia." Sheria inasema mkataba unaweza kuzaliwa kwa mwenendo wa pande mbili unaoonyesha vya kutosha kwamba wamekubaliana, na mwenendo ulio wazi kuliko huu nimeuona mara chache. Mtu hapakii mzigo wa mtu ambaye hajamuuzia. Ukiniuliza mkataba ulifungwa lini, nitakujibu: Alhamisi asubuhi, pesa ilipoingia, na kama kulikuwa na shaka yoyote iliisha alipoandika maneno yale. Ijumaa saa 3:40 alikuwa mtu aliyekwisha kufungwa. Ule ujumbe wa 19 haubadilishi bei; ni ombi, na unaweza kulikataa.

Angalia pia jambo moja linalokufaa: "nipakie" na "ninapakia". Maneno hayo mawili yana thamani kwenye suala la avansi. Katika sheria yetu ya zamani ya mikataba, ile ya tarehe 30 Julai 1888, pesa inayotangulia inaweza kuwa ya aina mbili. Inaweza kuwa arbuni, yaani bei ya kujitoa: aliyetoa akijitoa anaipoteza, aliyepokea akijitoa anairudisha mara mbili. Au inaweza kuwa akonti, sehemu ya bei iliyolipwa mapema, na hapo hakuna mwenye ruhusa ya kujitoa. Yeye anakupa 500 zilezile, kana kwamba kuna aina ya tatu ambapo aliyepokea anaondoka bila gharama. Aina hiyo haipo. Hata akishinda hoja yake nzuri kuliko zote, kwamba ilikuwa arbuni, anapaswa kukupa 1,000. Lakini hakusema "tuma 500 za kushikilia bei" wala "tusipoelewana nitarudisha". Alisema tuma nipakie. Pesa iliyoombwa ili kazi ianze ni sehemu ya bei, na hivyo ndivyo ningeiita kwenye barua: akonti juu ya 4,650, zimebaki 4,150.

Sasa ushahidi, maana kuwa na haki na kuweza kuionyesha ni mambo mawili.

Odio iliyofutwa haikumsafisha. WhatsApp humruhusu mtu kufuta kwa wote kwa muda wa siku mbili na kidogo tu, na yeye alifuta akiwa bado ndani ya muda huo, karibu saa 40 baada ya kutuma. Alama iliyobaki ina saa ya ujumbe wa awali, si saa ya kufuta, kwa hiyo kwenye simu yako panaonekana wazi kwamba Jumatano jioni alituma kitu na baadaye akakiondoa. Usifute alama hiyo, na usisafishe mazungumzo ili kupata nafasi ya picha. Nakala ya mdogo wako ndiyo iliyobeba sauti. Simu za Androidi huipa odio jina la faili lenye tarehe, kwa mfano:

```
PTT-20250205-WA0004.opus
```

Jina la faili linabadilishwa na mtoto yeyote, kwa hiyo lenyewe si ushahidi mkubwa. Uzito unatokana na mambo kupangana: kwako alama ya Jumatano saa 12 na dakika kadhaa, kwa mdogo wako odio uliyomtumia usiku uleule ikiwa na urefu wa sekunde 41, na baada yake maneno yako ya "nusu ukishusha", ambayo hayana maana yoyote kama hakukuwa na bei iliyotajwa kabla. Mdogo wako asiipeleke odio kutoka kwa mtu hadi mtu. Aiache palepale ilipo, na simu hiyo asiuze wala kubadilisha mpaka jambo liishe. Nakala ya akiba afanye moja, kwenye kadi ya kumbukumbu au kompyuta.

Wewe toa mazungumzo yote kwenye faili kupitia menyu ya mazungumzo hayo, pamoja na picha na odio, sio vipande ulivyochagua. Picha za skrini peke yake zinazua ugomvi, kwa sababu anayezipinga husema zimekatwa pale palipomfaa aliyezipiga. Kama kiasi kinastahili gharama, chukua simu zote mbili kwa wisie wa mahakama afungue mazungumzo mbele ya macho yake, asikilize odio, aandike pevé ya alichokiona: namba ya simu, saa, mpangilio wa ujumbe, maneno. Mwombe odio iandikwe neno kwa neno kama ilivyosemwa, kwa Kiswahili chetu cha hapa, na tafsiri ya Kifaransa iwe chini yake. Nimeona "siku ya posho" ikitafsiriwa "siku ya mshahara" na mtu aliyekulia mbali na Katanga, na tarehe nzima ya kuleta mzigo ikapotea. Ni Jumamosi, iandikwe Jumamosi.

Akikana sauti, una vitu vitatu: namba ileile iliyokuletea mizigo miwili ya kwanza, watu wanaomjua kwa sauti, na ujumbe wake wa maandishi unaojibu yaliyosemwa kwenye odio. Wala hawezi kulia kwamba ulimrekodi kwa siri. Kurekodi simu ya mtu bila yeye kujua kunaleta ubishi wake. Odio aliibonyeza mwenyewe, akakutumia wewe.

Jina la mke wake kwenye ujumbe wa pesa lingekuwa shimo kama asingeandika chochote. Angeweza kusema mke wake alipokea pesa zako kwa jambo lingine. Lakini uliombwa 500, ukatuma 500, na dakika chache baadaye yeye mwenyewe akaandika "nimepata makuta". Hifadhi ujumbe wa muamala wenye namba yake ya kumbukumbu, na mwombe wakala au kampuni ya simu taarifa ya miamala ya siku hiyo mapema.

Kuhusu bei kupanda: wewe unajua kuliko mimi kwamba Januari na Februari, mahindi mapya yakiwa bado shambani, unga hupanda Lubumbashi karibu kila mwaka. Muuzaji wa jumla anajua pia. Sheria humwachilia mtu anapozuiwa na kitu kilicho nje ya uwezo wake, na kulipia zaidi si kuzuiwa. Angekuambia lori lake limeshikwa Kasumbalesa kwa sababu mpaka umefungwa, tungekuwa na mazungumzo mengine, tena tungeuliza kama aliahidi unga wa lori hilo au unga wowote. Yeye anao unga. Anakuuzia huohuo kwa 19. Kwa kusema hivyo amejijibu mwenyewe.

Basi tuhesabu. Usikae ukimsubiri mpaka bei ifike 22 kisha umletee hesabu ya 22. Mwenye kuvunjiwa mkataba anatakiwa naye apunguze hasara kwa njia za kawaida. Mpe muda mfupi kwa maandishi. Akikataa au akinyamaza, nunua mifuko 300 ya unga wa aina ileile kwa bei ya soko, na udai risiti. Tuseme unaipata kwa 18, kuletewa kukiwa ndani ya bei. Umelipa 5,400 badala ya 4,650. Tofauti ni 750. Ongeza akonti ya 500 anayoishikilia, na jumla unamdai 1,250. Ukinunua kwake kwa 19 wakati jirani anauza 18, jaji anaweza kukuuliza kwa nini.

Faida ya ile mifuko 120 usiiongeze juu ya hizo 750. Wengi hukosea hapo. Ungepata dola 2 kwa kila mfuko, yaani 240, kwa sababu ungenunua kwa 15 na nusu. Akikulipa tofauti, ni kama umenunua kwa 15 na nusu, na faida yako imerudi. Ungeidai peke yake kama usingepata unga mwingine popote na mauzo yakakufia.

Ujumbe wa kumtumia, kwenye mazungumzo yaleyale na nakala ya karatasi mpaka depo yake, asaini kwamba ameipata:

*"Papa, tulikubaliana mifuko 300 ya kilo 25 ya unga wa mahindi kwa dola 15 na nusu, kuletwa depo yangu Jumamosi tarehe 8. Ulipokea akonti ya dola 500 Alhamisi tarehe 6 na ukaandika kwamba unapakia. Bei ya 19 siikubali. Ninakupa mpaka Jumatano tarehe 12 saa 11 jioni ulete mzigo. Ukipita muda huo, nitanunua kwingine na nitakudai tofauti ya bei pamoja na akonti yangu."*

Usiandike matusi, na usiseme "nitakufunga". Hili ni deni la biashara, halina gereza ndani yake, na kitisho cha namna hiyo kitasomwa mahakamani kwa sauti.

Akiendelea kukataa, mlango ni mahakama ya biashara ya Lubumbashi. Kuna utaratibu wa haraka wa amri ya kulipa ambao majirani zako watakushauri, lakini unahitaji deni la hakika, lenye kiasi kinachojulikana na muda uliokwisha. Zile 500 zinaweza kukaribia hapo. Zile 750 ni fidia. Jaji lazima azipime kwanza, kwa hiyo zinahitaji kesi ya kawaida. Ukiweka gharama za wisie, tafsiri na wakili upande mmoja na dola 1,250 upande wa pili, utaona kwa nini ninategemea zaidi barua ile kuliko kesi. Muuzaji wa jumla akijua kwamba odio aliyoifuta bado ipo, mara nyingi anatafuta njia ya katikati. Wewe ndiye utakayejua kama 16 inakutosha. Muda haukubani leo, kwa kuwa madai ya mauzo ya biashara yana miaka 2, lakini simu hazikai miaka 2.

Ulitaja rejista ya biashara, na ninakushukuru, umenipunguzia kurasa mbili. Asiyeandikishwa hawezi kujivunia haki za mfanyabiashara. Hata hivyo wasomaji wenye patente tu wasikate tamaa: uhuru wa ushahidi unaangalia yule anayedaiwa, na ukimdai muuzaji wa jumla, yeye ndiye mfanyabiashara. Mambo yanabadilika mtu wa kawaida anapomuuzia mtu wa kawaida, kwa mfano shangazi yako anayeuza friji yake. Hapo tunarudi kwenye sheria ya 1888, inayotaka maandishi kwa kitu kinachozidi faranga 2,000, kiasi ambacho leo ni kidogo sana. Huko ujumbe ulioandikwa unakuwa na uzito kuliko odio, hasa tangu amri-sheria ya tarehe 13 Machi 2023 juu ya mambo ya dijitali ilipoyapa maandishi ya elektroniki nafasi sawa na ya karatasi, mradi aliyeyaandika ajulikane na yasiwe yamechezewa.

Bado wale mama wanne. Sikuona ulichowaandikia, na ningependa ukisome tena usiku huu kabla ya kumtumia papa chochote. Kama uliwaambia "mifuko 30 kila mmoja kwa 17 na nusu, Jumatatu", na wao wakajibu sawa, basi umefungwa kwao kama yeye alivyofungwa kwako, na huwezi kuwapandishia mpaka 20 kwa sababu muuzaji wako alikuyumbisha. Kama uliwaambia "mzigo ukifika nitawapa kwa 17 na nusu", maneno "ukifika" yanakupa nafasi ya kupumua. Ukiwa na odio ulizowatumia, zisikilize mpaka mwisho; watu wengi husema bei mwanzoni na sharti katika sekunde tano za mwisho.

*Metre*